Swali la Simu, Jibu la Kitabu: Kukagua Maswali ya Mazoezi ya Mtihani wa Uraia

Mazungumzo na familia zinazojiandaa kwa mtihani wa uraia, magharibi ya Sydney



Leo nitasema juu ya jambo moja tu. Wengi wenu mnajisomea nyumbani kwa simu. Mnaiambia programu ya akili mnemba, "Nitungie maswali 20 ya mtihani wa uraia wa Australia," na kabla chai haijapoa maswali yamefika, pamoja na majibu yake. Ni msaada mkubwa, hasa kwa mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku na hana wa kumuuliza. Lakini maswali hayo hayajapitiwa na mwalimu yeyote. Ukiyakariri kama yalivyo, unaweza kuingia chumba cha mtihani umebeba kosa ambalo umelirudia mara hamsini.

Kwanza tukumbushane mtihani wenyewe ulivyo. Una maswali 20 ya kuchagua, kila moja na majibu matatu, kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, ndani ya dakika 45. Ili kufaulu unahitaji kupata angalau 15. Tangu Novemba 2020 kuna sharti jingine: kati ya hayo 20, matano ni ya maadili ya Australia, na hayo matano lazima uyapate yote. Ukipata 19 na lile moja ulilokosa likawa la maadili, hujafaulu.

Maswali yote hutoka katika kijitabu kimoja cha serikali kiitwacho Australian Citizenship: Our Common Bond. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya Home Affairs. Kina sehemu inayotahiniwa na sehemu isiyotahiniwa. Inayotahiniwa ni sehemu ya kwanza hadi ya nne: nchi na watu wake, imani za demokrasia na haki, serikali na sheria, kisha maadili. Yanayofuata baada ya hapo ni ya kujisomea tu. Basi kijitabu hicho ndicho hakimu wetu. Simu ni mtunzi wa maswali, na mtunzi hajihukumu mwenyewe.

Kazi ya kukagua inataka watu wawili, daftari na kijitabu. Mmoja anasoma swali, mwingine anashika kitabu. Jibu ambalo simu imetoa lifunikeni kwa mkono au karatasi, kwa sababu ukishaliona, macho yako yatatafuta kitabuni maneno ya kuliunga mkono badala ya kutafuta ukweli. Tafuteni sentensi inayojibu swali, andikeni namba ya ukurasa kwenye daftari, halafu ndipo mfunue jibu la simu na kulinganisha.

Sasa tuchukue maswali manne niliyotoa kwenye simu, nimeyatafsiri kwa Kiswahili ili tuelewane.

Swali la kwanza: "Kura ya maoni ya mwaka 1967 ilileta nini?" Majibu ni: (a) Waaborijini walipata haki ya kupiga kura, (b) Waaborijini waliweza kuhesabiwa katika sensa, (c) Australia ilipata bendera mpya. Simu inasema jibu ni (a).

Kitabu kinasema nini? Kwamba mwaka 1967 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema "ndiyo" ili Waaborijini wahesabiwe katika sensa. Jibu ni (b). Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho Waaborijini wote waliipata kwa sheria ya mwaka 1962, miaka mitano kabla. Simu ilikosea kwa sababu watu wengi, hata waliozaliwa hapa, huyachanganya mambo haya mawili, na programu imejifunza kutokana na maandishi ya watu. Kosa la namna hii ndilo gumu kuligundua, kwa kuwa linafanana sana na kweli. Huwezi kulijua kwa kufikiri. Utalijua kwa kufungua ukurasa tu.

Kosa la jibu huweza pia kuletwa na wakati. Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na tangu siku hiyo mkuu wa nchi ya Australia ni Mfalme Charles wa Tatu. Maandishi ya zamani bado yanasema Malkia, na simu huweza kuyafuata. Na ninyi pia, kama mna nakala ya kijitabu mliyopewa na jirani aliyefanya mtihani zamani, nanyi mna noti za zamani. Kabla ya kuanza ukaguzi, pakueni nakala ya sasa.

Swali la pili: "Upi ni wajibu wa raia wa Australia?" (a) kupiga kura katika uchaguzi, (b) kwenda kanisani au msikitini, (c) kuitikia wito wa kukaa kwenye juri, yaani lile kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi mahakamani. Simu inasema (a).

Jibu la simu si uongo. Kupiga kura ni wajibu. Lakini (c) nayo ni wajibu, na kijitabu kinaziweka zote mbili katika orodha moja. Swali hili lina majibu mawili sahihi. Anayechagua (c) ataambiwa amekosea, ataamini, na siku ya mtihani, akiulizwa kuhusu juri, ataikataa kweli aliyokuwa anaijua.

Namna ya kulikamata swali la namna hii ni rahisi. Usiulize "lipi ni sahihi?" Soma kila jibu peke yake kama sentensi kamili, na ulihukumu: ndiyo au hapana. "Kupiga kura ni wajibu wa raia." Ndiyo. "Kwenda kanisani au msikitini ni wajibu wa raia." Hapana. "Kuitikia wito wa juri ni wajibu wa raia." Ndiyo. Swali zuri lina ndiyo moja tu. Mkipata ndiyo mbili, badilisheni jibu moja, au lifuteni swali. Msipopata ndiyo hata moja, futeni pia.

Swali la tatu lilitoka moja kwa moja kwa Kiswahili: "Gavana anamwakilisha nani?" Hapa utata umeletwa na lugha. Katika kijitabu kuna Governor-General, anayemwakilisha Mfalme kwa Australia nzima, na kuna Governor, anayemwakilisha Mfalme katika jimbo moja kama hili letu la New South Wales. Tafsiri imewafanya wote kuwa "Gavana". Tena, aliyetoka Kenya akisikia gavana anamfikiria mtu aliyechaguliwa kwa kura kuongoza kaunti, na aliyetoka Kongo anamfikiria mkuu wa mkoa wake. Hapa anayeongoza serikali ya jimbo anaitwa Premier. Hata neno "jimbo" lina shida: Mtanzania atadhani ni eneo la uchaguzi la mbunge, kumbe katika mtihani neno ni State.

Kwa hiyo jifunzeni maelezo kwa Kiswahili, mwelewe vizuri, lakini swali lenyewe likagueni kwa Kiingereza, kwa maneno yale yale ya kitabu. Vyeo na majina ya vyombo vya serikali msivitafsiri. Viandikeni kwenye daftari kama vilivyo, na mbele yake mweke maelezo yenu.

Swali la nne: "Uasi wa wachimba dhahabu wa Eureka ulitokea mwaka gani?" Simu inasema 1854. Ni kweli kabisa, na swali halina utata. Lakini mambo ya Eureka yako katika ile sehemu isiyotahiniwa. Mtu mwenye saa moja usiku, watoto wamelala, anaitumia saa hiyo kukariri tarehe ambayo mtihani hautamuuliza. Simu haijui mlipofundishwa na mlipoishia; inajua Australia kwa jumla. Ndiyo maana ile namba ya ukurasa kwenye daftari ni muhimu. Kama ukurasa uko nje ya sehemu nne za kwanza, au hamkuupata kabisa, swali linaondoka, hata kama jibu lake ni kweli.

Mkimaliza swali moja moja, angalieni karatasi nzima. Hesabuni kila sehemu imepata maswali mangapi. Mara nyingi mtakuta simu imejaa miji mikuu, maua na bendera, na maadili yamepata swali moja au hakuna. Karatasi kama hiyo, hata isiyo na kosa, inakudanganya: unapata 20 kwa 20 nyumbani, na yale matano ya lazima hujayagusa. Hakikisheni kila karatasi ya 20 ina matano ya maadili.

Na hayo ya maadili yakagueni kwa jicho kali kuliko yote, maana ndiyo yenye utata mwingi. Mfano: "Jirani yako ana dini tofauti na yako. Ufanye nini?" (a) heshimu uhuru wake, (b) zungumza naye kwa upole kuhusu dini yako, (c) mlazimishe aibadili. Simu inataka (a). Lakini Australia ina uhuru wa kusema, na mazungumzo ya upole si kosa. Fanyeni ule mtihani wa ndiyo na hapana, mtaona (b) inapita. Lifuteni, au mwandike upya kutokana na sentensi ya kitabu.

Makosa haya mnaweza kuyapunguza tangu mwanzo. Msiombe "maswali ya uraia" kwa jumla. Nakilini ukurasa mmoja wa kijitabu, mbandike kwenye simu, na mwombe maswali matano ya ukurasa huo tu, kila moja na sentensi lilikotoka. Lakini sentensi hiyo nayo itafuteni kitabuni kwa macho yenu, kwa kuwa programu huweza kutunga nukuu ambayo haipo.

Mwisho, mjue mpaka wa kazi hii. Ukaguzi unahakikisha kwamba swali linakubaliana na kitabu. Hauhakikishi kwamba swali hilo litatoka, kwa sababu maswali ya mtihani halisi hayatangazwi. Kuona jinsi serikali yenyewe inavyouliza, fanyeni lile jaribio la mazoezi lililoko kwenye tovuti ya Home Affairs.

Mwenye karatasi aliyoikagua nyumbani ailete darasani, tuipitie pamoja, ukurasa kwa ukurasa.