Kamera Yako Inalipa?

Msikilizaji, sifa za marafiki hazithibitishi kwamba upigaji picha wako ni biashara. Kinachothibitisha ni malipo ya mtu asiyekujua. Tena malipo hayo yawe ya kutosha. Chukua mahafali: tuseme unatoza shilingi 50,000, nauli na kusafisha picha vinakula 15,000, nawe unatumia saa 10, nyingi zikiwa za kuhariri nyumbani. Zinabaki 35,000, yaani 3,500 kwa saa, kabla ya kutenga fedha za kamera inayochakaa. Utasema bei ya chini huvuta wateja. Huvuta, ila kila mteja anakuongezea saa zilezile. Afadhali utaje bei inayokutosha na uombe malipo ya awali. Usiowajua wakikataa mfululizo, badili huduma: wauza nguo, kwa mfano, huhitaji picha kila mzigo mpya unapoingia.