Mgongo wa Abiria Usiku wa Kifaru

(Maneno ya filamu fupi ya usalama barabarani kwa madereva wa bodaboda)

Ndugu madereva wa bodaboda wa Kifaru,

Ninyi ndio mnaomfikisha mwalimu shuleni kabla ya kengele, na ndio mnaombeba mgonjwa saa ambazo magari mengine yamekwisha kulala. Kazi yenu haimalizwi na machweo. Kwa hiyo leo tunaomba kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu: namna dereva wa lori atokaye nyuma yenu anavyowaona, au anavyokosa kuwaona, giza linapoingia.

Barabara kuu itokayo Himo kwenda Mwanga na Same inapita hapa ikiwa imenyooka na tambarare. Mwenye lori hapa hukanyaga mafuta. Aidha, dereva wa bodaboda ashukaye kutoka milimani upande wa Ugweno amezoea njia ya makona, ambako kila mtu huenda polepole. Akifika kwenye lami ameingia katika mwendo mwingine kabisa, na mara nyingi ni usiku.

Tuchukue mfano. Ni saa 2 usiku. Pikipiki imesimama pembeni mwa lami ili kumteremsha abiria, naye abiria bado ameketi, anatafuta nauli mfukoni. Dereva amezima injini ili kuokoa petroli. Amevaa kizibao chenye tepe za kuakisi mwanga, zile tuziitazo rifleta, na anaamini kuwa anaonekana. Nyuma linakuja lori lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, likiwa limewasha taa za chini kwa sababu linapishana na basi.

Kwa mwendo huo lori hilo linakwenda mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva wake akiona kitu mbele huhitaji takriban sekunde moja na nusu kukitambua na kupeleka mguu kwenye breki. Hapo lori limekwisha kwenda mita 33 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya breki kushika, lori lenye shehena huhitaji mita nyingine zipatazo 50 hata lisimame. Kwa jumla anahitaji zaidi ya mita 80. Lakini mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa na taa za chini, huonekana akiwa umbali wa mita zipatazo 30 tu. Dereva wa lori anapotambua kwamba mbele yake kuna watu, mguu wake haujafika hata kwenye breki.

Je, kile kizibao hakikusaidia? Hakikusaidia, kwa kuwa abiria amekifunika. Mgongo unaotazamana na lori ni wa abiria, naye amevaa koti jeusi. Taa ya nyuma nayo haiwaki, kwa maana katika pikipiki nyingi taa hiyo hufa pamoja na injini, au hufifia sana injini inapounguruma polepole. Kioo chekundu cha kuakisi kilichoko juu ya kibao cha namba kimejaa vumbi, au kimefunikwa na mzigo. Kila kinga iliyokuwapo imeondolewa na jambo la kawaida kabisa, yaani kubeba abiria.

Ndugu, sehemu moja ya chombo hicho haifunikwi na mtu wala gunia: kisogo cha abiria. Kichwa chake ndicho kilicho juu na nyuma kuliko vyote. Kwa hiyo kofia ngumu ya abiria inaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ikibandikwa utepe wa kuakisi mwanga kisogoni, itaonekana kwa mita 150 na zaidi. Dereva wa lori sasa anazo sekunde sita au saba badala ya moja, na hizo zinatosha kupunguza mwendo na kupisha.

Utepe huo hufanya kazi kwa kuurudisha mwanga kule ulikotoka. Ndiyo maana mwenye taa huuona uking'aa, na aliyesimama kando haoni kitu. Ukitaka kuupima, itundike kofia usiku, rudi nyuma hatua 30, kisha shika tochi karibu na jicho lako na uimulike. Iking'aa, ni nzima. Isipong'aa, ioshe kwa maji na sabuni ujaribu tena, kwani vumbi la hapa huuziba utepe upesi. Ikikataa bado, utepe umechakaa. Tahadhari pia na kitambaa cha manjano kikali kisicho na utepe: kinaonekana sana mchana, lakini usiku rangi hiyo pekee haitoshi.

Sasa tuingie ndani ya kofia yenyewe. Chini ya gamba la nje kuna povu gumu jeupe, mithili ya lile linalozungushiwa redio mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kumeza nguvu ya pigo badala ya ubongo. Likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani yake imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa. Petroli nayo hulila povu hilo, kwa hiyo kofia isisafishwe kwa petroli. Kofia ya mafundi wa ujenzi haina povu nene la namna hiyo. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyodondoka kutoka juu.

Mapitio ya uchunguzi wa nchi nyingi, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Haiondoi hatari yote, na haizuii mguu kuvunjika. Tena faida hiyo ni ya kofia iliyofungwa. Kaza ukanda hata vidole viwili tu vipite kati yake na kidevu, kisha sukuma kofia kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, itaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tunajua malalamiko ya abiria: jasho la wengine, nywele zilizosukwa, joto. Malalamiko hayo ni ya haki. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kifuliwacho kila siku, huyajibu mengi, na kofia ikitundikwa kivulini penye upepo hukauka. Mara nyingi, hata hivyo, kofia nzuri huwa ya dereva, na ya abiria huwa ile kuukuu isiyo na kifungo. Tunawaombeni mzitazame upya kofia hizo mbili.

Nanyi walimu na watumishi mpandao bodaboda jioni, msimwachie dereva peke yake. Mwombeni kofia, fungeni ukanda wenyewe, na nauli itayarishwe kabla ya safari ili pasiwe na kusimama gizani mkipekua mifuko. Mfikapo, dereva na atoke kabisa nje ya lami, na aiache injini ikiunguruma hadi abiria ateremke, ili taa ya nyuma iendelee kuwaka.