Lugha ya Taarifa kwa Mfadhili Pale Lengo Lisipofikiwa



Kila mradi unaojengwa kwa fedha za mfadhili hudaiwa taarifa. Taarifa hiyo huandikwa ofisini, husomwa mbali na mara chache hurudi kijijini, lakini ndiyo inayoamua iwapo mfadhili atarudi na atarudi kurekebisha nini. Iliyo ngumu kuandika kuliko zote ni taarifa ya mradi ambao haukufikia lengo. Mwandishi hukabiliwa na vishawishi viwili: kupamba, au kulia. Vyote viwili humficha mwananchi aliyekosa huduma.

Sekta ya maji vijijini inalo funzo lake. Katika miaka ya 2000 shirika la WaterAid lilishiriki kazi ya kuorodhesha vituo vya kuchotea maji katika wilaya mbalimbali za Tanzania, kituo kimoja kimoja, kwa kufika mahali kilipo. Mwaka 2009 lilieleza kwamba takriban robo ya miradi ya maji vijijini ilikuwa imeacha kufanya kazi miaka miwili tu baada ya kujengwa. Katika taarifa za ukamilishaji miradi hiyo ilikuwa imehesabiwa kuwa imekwisha. Neno "kimejengwa" lilikuwa kweli. Neno "kinatoa maji" halikuwa limeulizwa.

Uchukuliwe mfano wa kata ya kubuni mkoani Singida. Mradi uliahidi visima 20 vya pampu za mkono. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, kituo kimoja huhudumia watu 250 ndani ya mita 400, hivyo lengo lilikuwa watu 5,000. Muda ulipokwisha, visima 14 vilikuwa vimechimbwa na kufungwa pampu. Kati ya hivyo, 11 vilitoa maji yanayofaa. Viwili pampu zake zilikuwa zimeharibika, na kimoja kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya floraidi. Kati ya 6 vilivyobaki, viwili vilitoka vikavu na vinne havikuchimbwa kabisa.

Rasimu ya kwanza ya taarifa ya namna hii huandikwa hivi: "Mradi umetekelezwa kwa mafanikio makubwa, ambapo visima 14 vimejengwa na wananchi 3,500 wamefikiwa, licha ya changamoto za kijiolojia zilizojitokeza." Hakuna tarakimu ya uongo katika hesabu ya visima, lakini sentensi nzima inapotosha. Watu 3,500 ni zao la visima 14 mara watu 250, wakati visima vitatu kati ya hivyo havitoi maji yanayofaa. Lengo la 20 halikutajwa, hivyo msomaji hana cha kulinganisha. Na neno "changamoto" limebeba mambo manne tofauti bila kueleza hata moja.

Rasimu ya pili, baada ya mwandishi kukemewa, huangukia upande wa pili: "Kwa masikitiko makubwa tunaomba radhi kwa kushindwa kutimiza wajibu wetu." Maneno haya ni ya unyenyekevu, lakini mfadhili akimaliza kuyasoma hajui visima vingapi vinafanya kazi wala afanye nini. Majuto hayachukui nafasi ya maelezo.

Lugha inayofaa huanza na lengo, ikafuata hali halisi, kisha hukumu fupi: "Mradi ulilenga visima 20 kwa watu 5,000. Hadi siku ya ukaguzi visima 11 vilikuwa vikitoa maji yanayofaa, vinavyotosha watu 2,750 kwa kipimo cha sera. Lengo halikufikiwa." Baada ya sentensi hizo tatu, yaliyofanikiwa yanaweza kusemwa kwa utulivu, kwa kuwa msomaji hatajiona anapumbazwa.

Ndipo sababu zielezwe, kila moja peke yake, zikitenganishwa zile za maumbile na zile za maamuzi ya watu. Visima viwili vikavu ni jambo la ardhi, iwapo upimaji wa kitaalamu ulifanyika kabla ya kuchimba. Visima vinne havikuchimbwa kwa kuwa fedha zake zilitumika kuchimba vingine kwa kina zaidi; huo ni uamuzi, na taarifa itaje nani aliufanya na lini. Kisima cha floraidi kinahitaji uangalifu zaidi. Singida imo katika ukanda unaojulikana kwa floraidi, na pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuandika "hali ya kijiolojia" hakutoshi ikiwa maji yalipimwa baada ya pampu kufungwa badala ya kabla. Floraidi ni ya ardhi. Kuchelewa kupima ni kwa watu. Pampu mbili zilizoharibika nazo zielezwe hivyo hivyo: kama kulikuwa na mfuko wa matengenezo, na kama fundi na vipuri vilipatikana.

Hivyo mpangilio wa maneno, urefu wa maelezo na ukali wa vitenzi vyaweza kurekebishwa. Idadi, tarehe na kigawanyo havirekebishwi. Kigawanyo ndicho huchezewa zaidi: visima 14 kati ya 14 vilivyofungwa pampu huwa asilimia 100, wakati visima 11 kati ya 20 vilivyoahidiwa ni asilimia 55. Iwapo lengo lilipunguzwa kwa makubaliano ya maandishi na mfadhili kabla ya mradi kumalizika, malengo yote mawili yaonyeshwe, la awali na lililorekebishwa, pamoja na tarehe ya makubaliano.

Lugha nzuri inayo mipaka yake. Haiwezi kuziba pengo la kukaa kimya. Mfadhili anayesikia habari ya upungufu kwa mara ya kwanza katika taarifa ya mwisho hukasirishwa zaidi na ukimya kuliko na upungufu. Barua fupi wakati kisima cha pili kilipotoka kikavu ingefaa kuliko kurasa kumi baadaye. Tena, katika utaratibu wa kulipa kulingana na matokeo, ambao Benki ya Dunia iliutumia katika mpango wa maji vijijini ulioidhinishwa mwaka 2018, fedha hutolewa baada ya matokeo kuhakikiwa. Mhakiki huhesabu matokeo, hahesabu sifa.

Mwananchi naye anaweza kuitambua taarifa iliyopambwa inaposomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Aulize mambo matatu: lengo la awali lilikuwa ngapi, vingapi vinatoa maji leo, si vingapi vimejengwa, na nyuma ya neno "changamoto" kuna nini. Kisha majibu yalinganishwe na pampu zenyewe, ambazo kila mtu anajua njia ya kuzifikia.

Jambo lililo hatarini ni dogo kwa sura na kubwa kwa athari. Kisima kilichoandikwa kuwa kinafanya kazi huondoka katika orodha ya mahitaji. Hakitengewi fedha za ukarabati, wala kijiji chake hakihesabiwi miongoni mwa vijiji visivyo na maji. Wale watu 750 wa visima vitatu, waliohesabiwa kuwa wamefikiwa, wataendelea kuamka alfajiri na ndoo zao kwenda mbali, na kila atakayeulizwa kuhusu shida yao atajibu kwa haki kabisa kwamba, kwa mujibu wa taarifa, hawana shida.