Diwani anaposema barabara imekamilika

Taarifa nzuri ya diwani kuhusu barabara haihitaji jina la chama. Inahitaji vipimo. Hapa Tanzania, tangu 2017, barabara za vijijini na mitaani husimamiwa na TARURA, kwa hiyo diwani hajengi. Yeye hufuatilia, kisha huwaeleza wananchi.

Tuseme ameandika: "Kilomita 2 za changarawe zimekamilika." Ajazie kidogo: upana mita 5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hapo mwananchi anaweza kupiga hesabu, 2,000 mara 5 mara 0.15, akapata meta za ujazo 1,500. Kwa kuwa changarawe hupungua ikishindiliwa, malori yalipaswa kuleta zaidi ya hizo. Rula na shimo dogo pembeni, msimamizi akiwepo, vinatosha kupima unene.

Mvua nayo hukagua. Katikati ya barabara pawe juu kuliko kingo, maji yakimbilie mtaroni. Dimbwi likituama katikati, au maji yakipita kando ya kalavati badala ya ndani yake, kazi ina kasoro. Ndiyo maana naomba diwani ataje tarehe ya mwisho ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Kabla ya siku hiyo, mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama yake mwenyewe.

Kwa miradi ijayo, atenganishe iliyoombwa, iliyotengewa fedha na iliyokwisha kusainiwa mkataba. Barabara iliyoombwa tu bado haina hata shilingi.