Matone ya kahawia baada ya hedhi: kovu la kisu linapoacha kishimo

Nakala ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa wadi ya Shella, Malindi



Mazungumzo ya leo yanamhusu mama aliyewahi kujifungua kwa kisu, kisha hedhi yake ikabadilika. Damu nyekundu humtoka siku nne au tano kama zamani. Lakini badala ya kukauka, huanza kutoa matone ya rangi ya kahawia, mara mazito, mara membamba kama maji ya chai. Matone hayo huendelea siku tano, nane, hata kumi. Akijihesabu, nusu ya mwezi yuko na pedi.

Mama huyo mara nyingi huambiwa ana uchafu au ugonjwa wa zinaa. Hupewa vidonge vya kuua vijidudu, na mwezi unaofuata hali ni ile ile. Wengine hujiosha ndani kwa sabuni au ndimu, au hujifukiza, na bado matone yapo. Kwa sehemu ya akina mama hawa, sababu iko mahali ambapo maji na moshi havifiki. Iko ndani ya mji wa uzazi, kwenye kovu la upasuaji.

Kishimo hicho ni nini?

Mtoto anapotolewa kwa kisu, daktari hukata mara mbili. Kuna mkato wa ngozi ya tumbo, ambao mama anauona, na kuna mkato wa mji wa uzazi wenyewe, sehemu ya chini karibu na mlango wake, ambao mama hauoni. Kovu la nje likipona vizuri haimaanishi kwamba la ndani limepona vivyo hivyo. Wakati mwingine nyama ya ndani haishikani kwa unene wake wote, na hubaki kishimo upande wa ndani wa kovu. Madaktari hukiita nishi, na huanza kukihesabu kina chake kikifika milimita 2.

Hedhi inapotoka, sehemu ya damu hujikusanya ndani ya kishimo hicho. Nyama iliyo pembeni mwa kovu haikazi vizuri, kwa hivyo haiwezi kuisukuma damu yote nje kwa wakati. Damu iliyokaa hugeuka kahawia, kama inavyogeuka ile iliyokauka kwenye kitambaa, kisha huvuja kidogo kidogo. Tena mishipa midogo iliyo ndani ya kishimo inaweza kutoa damu yake yenyewe. Ndiyo maana matone huja mwishoni mwa hedhi na kudumu siku nyingi.

Kuwa na kishimo si jambo la ajabu. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014, karibu nusu ya wanawake waliojifungua kwa kisu walionekana na kishimo walipopigwa skani ya ukeni. Kati ya waliokuwa nacho, takriban 29 katika kila 100 walikuwa na matone baada ya hedhi. Kati ya wasiokuwa nacho, walikuwa takriban 7 katika kila 100. Maana yake ni mbili: kishimo huongeza sana uwezekano wa matone, lakini wengi walio nacho hawasumbuki nacho kamwe.

Je, alishonwa vibaya?

Hili ndilo swali la kwanza la akina mama wengi. Jibu si rahisi hivyo. Kishimo huonekana zaidi kwa mama aliyepasuliwa zaidi ya mara moja, kwa aliyepasuliwa baada ya uchungu wa muda mrefu na njia ikiwa imeshafunguka, na kwa yule ambaye mji wake wa uzazi umeinamia nyuma. Uchungu ukienda mbali, sehemu ya chini ya mji wa uzazi huvutika, na mkato unaweza kuangukia karibu na mlango wa uzazi, penye nyama inayotoa ute na isiyoshikana vizuri. Kuhusu mshono, utafiti mwingine wa Uholanzi wa wanawake zaidi ya 2,000, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha kushona safu moja na kushona safu mbili. Miezi tisa baadaye, siku za matone hazikutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Kabla ya kulaumu kovu

Si kila tone la kahawia linatoka kwenye kovu. Mama anayetumia sindano ya kupanga uzazi, vijiti vya mkononi au koili anaweza kupata matone kwa sababu ya njia hiyo. Mimba changa, maambukizi, vinyama ndani ya mji wa uzazi na saratani ya mlango wa uzazi navyo huleta matone. Kwa hivyo kipimo cha kwanza ni cha mimba. Kisha mlango wa uzazi hutazamwa, na mama wa miaka 25 hadi 49 ambaye hajapimwa saratani ya mlango wa uzazi apimwe hapo hapo.

Kinachoelekeza kwenye kovu ni mpangilio wa siku. Matone yalianza baada ya upasuaji, hayakuwapo kabla yake. Huja kila mwezi mwishoni mwa hedhi, wala si ovyo ovyo. Hayana harufu mbaya wala homa. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa umri, ni habari nyingine na haifai kungojewa.

Mfano wa mama mmoja

Tuseme mama ana miaka 31 na amepasuliwa mara mbili, mara ya mwisho miaka miwili iliyopita baada ya kushikwa na uchungu usiku kucha. Hatumii njia yoyote ya kupanga uzazi. Kwa miezi mitatu anaandika kwenye kalenda: N kwa siku ya damu nyekundu, K kwa siku ya kahawia. Kalenda inaonyesha N tano na K nane kila mwezi, yaani siku 13 kati ya 28.

Kipimo cha mimba hakionyeshi kitu na mlango wa uzazi ni mzima. Skani ya juu ya tumbo inasema mji wa uzazi ni wa kawaida. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu skani ya juu ya tumbo hukipita kishimo kidogo bila kukiona. Inayofaa ni skani ya ukeni, ambayo kifaa chake chembamba huingizwa ukeni na kukaribia kovu. Ni vizuri ifanyike siku ambazo matone yanatoka, maana maji yaliyo ndani ya kishimo huonekana kama doa jeusi kwenye picha. Pia mpiga skani aambiwe wazi: "Nimepasuliwa mara mbili, natokwa na matone siku nane baada ya hedhi, naomba kovu litazamwe."

Ripoti ya mama huyu inataja vipimo viwili: kina cha kishimo ni milimita 6, na unene wa nyama iliyobaki juu yake ni milimita 4. Kipimo cha pili ndicho kinachoamua mengi.

Tiba huchaguliwaje?

Kama matone hayamsumbui, hana haja ya tiba. Kishimo chenyewe si saratani wala si kidonda kinachooza.

Yakimsumbua na hataki mimba kwa sasa, hatua ya kwanza huwa dawa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili, au koili yenye homoni, hupunguza damu ya hedhi, na damu ikipungua hubaki kidogo ya kujikusanya. Dawa hizi hazizibi kishimo, kwa hivyo matone yanaweza kurudi zikiachwa. Vidonge vya homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Mama wa mfano wetu anaweza kuvijaribu kwa miezi mitatu huku akiendelea kujaza kalenda.

Dawa zisipofaa, kuna upasuaji mdogo wa kamera inayopitishwa kwenye mlango wa uzazi, ambapo ukingo wa kishimo husawazishwa ili damu itoke bila kukwama. Upasuaji huu huhitaji nyama iliyobaki iwe angalau milimita 3, kwa sababu pakiwa pembamba zaidi kifaa kinaweza kutoboa na kujeruhi kibofu. Mama mwenye milimita 4 anaweza kufikiriwa. Lakini atarajie nini? Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2018, wanawake waliofanyiwa walishuka kutoka siku 8 za matone hadi 4 baada ya miezi sita, na wasiofanyiwa walishuka kutoka 8 hadi 7. Ni nafuu ya nusu, si kukauka kabisa. Nyama ikiwa chini ya milimita 3 na mama bado anataka kuzaa, kovu hukatwa na kushonwa upya, kazi ya daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.

Mimba inayofuata

Mama mwenye kovu akikosa hedhi asingoje mwezi wa tano. Skani ifanywe wiki ya 6 au ya 7, ili ionekane kama mimba imejishika mahali pake au ndani ya kovu. Mimba iliyojishika ndani ya kovu inaweza kumwaga damu nyingi na kuhatarisha maisha. Na mama huyu asizalie nyumbani. Ajifungulie penye chumba cha upasuaji.

Sala, funga na nyumba

Kwa mama Mwislamu, matone haya si suala la pedi tu. Hajui kama asali au asisali, na Ramadhani hubaki na siku nyingi za kulipa. Wanazuoni wa Kishafi, ambao Waislamu wengi wa pwani huwafuata, huweka siku 15 kuwa ukomo wa hedhi, na damu inayozidi hapo huitwa istihadha. Hukumu ya kila mama ni ya kuulizwa kwa mwanachuoni, naye huuliza kwanza idadi ya siku na rangi. Kalenda ile ile ya N na K ndiyo itakayomjibu sheikh na daktari pia. Akina baba nao wajue kwamba matone haya hayaambukizi, wala si ushahidi wa mwenendo mbaya.

Siku ya kwenda kliniki

Mama achukue vitu vitatu: kalenda ya miezi mitatu, kitabu cha mama na mtoto au karatasi aliyopewa alipotoka hospitalini baada ya kupasuliwa, na jina la njia ya kupanga uzazi anayotumia, kama ipo. Asiyeweza kuandika amwombe mhamasishaji wa afya wa mtaa wake amsaidie.

Lakini asingoje kalenda ijae na aende hospitali siku hiyo hiyo ikiwa pedi inajaa ndani ya saa moja, ana homa na maumivu ya tumbo, au amekosa hedhi na sasa anatokwa na damu.