NPU na Namba Zinazopigiwa Debe

Oktoba 2023 Google ilitoa simu mbili kwa mpigo, Pixel 8 na kaka yake mkubwa, Pixel 8 Pro. Zote mbili zilibeba chipu ileile, Tensor G3, yenye sehemu maalumu ya kufanyia hesabu za akili unde. Desemba mwaka huohuo Pixel 8 Pro ikapewa Gemini Nano, modeli ndogo ya lugha inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe. Ikaanza kufupisha mazungumzo yaliyorekodiwa na kupendekeza majibu ya meseji kwenye kibodi. Pixel 8 ikaachwa.

Mapema Machi 2024 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo akaeleza hadharani kwamba simu ndogo haitaipata modeli hiyo kwa sababu ya mipaka ya vifaa vyake. Wenye simu wakaja juu. Kabla mwezi haujaisha Google ikageuza kauli, na Juni modeli ikafika kwenye Pixel 8, ingawa iliwekwa kwenye mipangilio ya wasanidi programu, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hapiti.

Wenye simu walikuwa na haki ya kushangaa. Kama chipu ni ileile, kilichopungua ni nini? Swali hilo linafaa kuulizwa na yeyote anayesimama mbele ya kaunta ya simu au kompyuta mpakato, maana matangazo ya siku hizi yanapigia debe namba moja tu: trilioni kadhaa za hesabu kwa sekunde, zinazofanywa na kitu kiitwacho NPU. Namba hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba inajibu swali dogo kuliko mnunuzi anavyodhani.

NPU ni kichakataji kinachojua kazi chache mno, na kubwa kuliko zote ni kuzidisha namba mbili na kuongeza jibu kwenye jumla iliyopo. Kichakataji kikuu cha simu huweza kufanya kila kitu, kuanzia kufungua ukurasa wa benki hadi kupanga orodha ya nyimbo. NPU imenyimwa uwezo huo makusudi. Nafasi iliyookolewa imejazwa maelfu ya vizidishaji vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja, kwa sababu modeli ya akili unde, ikivuliwa madoido yote, ni jedwali kubwa la namba zinazozidishwa na namba nyingine.

Jinsi trilioni hizo zinavyopatikana inaonekana vizuri kwenye chipu ambayo Google yenyewe ilichapisha undani wake mwaka 2017. Chipu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vyake vya data, lakini kanuni ni hiyohiyo ya simu. Ilikuwa na vizidishaji 65,536 vilivyopangwa safu 256 kwa 256, vikipiga hatua milioni 700 kila sekunde. Kuzidisha huhesabiwa kazi moja, kuongeza kazi ya pili. Ukizidisha hayo yote unapata takriban trilioni 92, na ndiyo namba iliyotangazwa. Ni uwezo wa juu kabisa, pale ambapo kila kizidishaji kina kazi mkononi katika kila hatua. Siku ya kawaida haiendi hivyo.

Siri ya pili ya NPU ni kuridhika na namba fupi. Kompyuta zimezoea kuzidisha namba za biti 32 zenye desimali nyingi, ilhali modeli iliyokwisha kufunzwa hutambua paka pichani hata namba zake zikifupishwa hadi biti 8. Mwaka 2014 Mark Horowitz, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alionyesha kwa chipu za teknolojia ya wakati ule kwamba kuzidisha namba kamili za biti 8 kunakula umeme mara 18 chini ya kuzidisha namba za desimali za biti 32. Kwa simu inayoishi kwa betri, hapo ndipo penye faida. Kichakataji kikuu kingeweza kuifanya kazi ileile, ila simu ingepata moto na chaji ingeshuka huku mwenyewe akitazama.

Ndiyo maana kazi za mwanzo kuitegemea NPU zilikuwa za kamera. Septemba 2017 Huawei ilitangaza Kirin 970, na mwezi huohuo Apple ikaleta chipu ya A11 yenye uwezo wa hesabu bilioni 600 kwa sekunde, ambayo leo ingeonekana ya kuchekesha. Ilitosha kabisa kwa Face ID. Simu hurusha vidoa zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana usoni pa mtu, kamera inavisoma, kisha modeli inaamua kama uso ni wa mwenye simu. Kazi hiyo lazima iishe kufumba na kufumbua, na uso wa mtu haupaswi kusafirishwa hadi kwenye kompyuta ya mbali.

Kundi la kazi za namna hiyo limekua. Kutia ukungu mandhari nyuma ya anayezungumza kwa video, kuchuja kelele za barabarani kwenye simu, kuandika maneno ya video chini ya kioo kadiri yanavyosemwa, kumtenga mtu na ukuta pichani: zote ni modeli ndogo kiasi zinazorudiwa mara nyingi kila sekunde. Namba za modeli hupakiwa mara moja, zikatumika kwa kila sehemu ya picha. Vizidishaji havikai bure, na trilioni za kwenye tangazo zinakaribia kuwa na maana.

Modeli ya lugha ni mambo mengine kabisa.

Juni 2024 Apple ilichapisha maelezo ya modeli yake ya ndani ya simu. Ina takriban namba bilioni 3 zilizofunzwa, na kila moja imebanwa hadi chini kidogo ya biti 4 kwa wastani. Kwa hesabu ya haraka, huo ni mzigo wa gigabaiti 1.4 hivi. Sasa, modeli ya lugha huandika kipande kimoja cha neno kwa wakati, na ili itoe kipande kimoja inabidi ipitie karibu namba zake zote. Ikitoa kinachofuata, inazipitia tena kutoka mwanzo.

Kila kipande kinahitaji hesabu kama bilioni 6. NPU ya iPhone 15 Pro imetangazwa kuwa na uwezo wa trilioni 35 kwa sekunde, hivyo kwa upande wa hesabu tupu ingeweza kutoa vipande zaidi ya 5,000 kila sekunde. Apple yenyewe ilisema simu hiyo inatoa 30.

Tofauti hiyo imeishia njiani. Namba za modeli zinakaa kwenye RAM, na RAM ya simu hiyo hupitisha takriban gigabaiti 50 kwa sekunde. Gawa 50 kwa 1.4, unapata vipande 35 hivi, jirani kabisa na kile kilichopimwa. Ni kama jikoni kwenye shughuli: wapishi 100 wamesimama na miko yao, lakini maji yote yanaletwa na kijana mmoja mwenye ndoo moja. Kuongeza wapishi hakuharakishi pilau.

Modeli ileile inaposoma swali la mtu, kasi hupanda ghafla. Apple ilisema kila kipande cha swali huchukua milisekunde 0.6, yaani zaidi ya vipande 1,600 kwa sekunde. Maneno ya swali tayari yapo yote, kwa hiyo namba zikishaletwa kutoka RAM mara moja hutumika kwa maneno mengi kwa pamoja. Hapo NPU inatoa jasho kweli. Anayetumia simu ya namna hii anaweza kuliona jambo hilo kwa macho: barua ndefu inasomwa upesi, ufupisho wake unatoka kidogokidogo.

Kwa hiyo Pixel 8 ilikuwa na NPU ya kutosha. Ilichopungukiwa ni nafasi: gigabaiti 8 za RAM dhidi ya 12 za Pixel 8 Pro. Gemini Nano ndogo ina namba bilioni 1.8, ambazo kwa biti 4 kila moja ni karibu gigabaiti nzima. Ili kupendekeza jibu mara tu meseji inapoingia, modeli inapaswa kukaa RAM muda wote, ikizinyima nafasi WhatsApp, kamera na kivinjari. Google iliogopa simu nzito, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Iliyopotoka ni lugha ya kusema mipaka ya vifaa bila kutaja kifaa gani.

Apple nayo ilikata mstari kwenye RAM. iPhone 15 ya kawaida, yenye NPU ya trilioni 17, haikupewa Apple Intelligence. Kompyuta za chipu ya M1 ya mwaka 2020, zenye trilioni 11 tu, zilipewa. iPhone 15 ilikuwa na gigabaiti 6 za RAM, na M1 ilianzia 8. Microsoft nayo, ilipotangaza kompyuta za Copilot+ Mei 2024, ilidai trilioni 40 na gigabaiti 16 za RAM. Magazeti yalishika namba ya kwanza. Ya pili ilistahili kichwa cha habari.

Kwa atakaye kujua kifaa chake kinafanya nini ndani na nini kinapelekwa mbali, kipimo cha kwanza ni hali ya ndegeni. Data ikizimwa na kazi ikaendelea, inafanyika humohumo. Simu za Samsung zenye Galaxy AI zina swichi inayolazimisha kila kitu kichakatwe ndani ya simu, na ikiwashwa baadhi ya huduma hugoma. Hata hivyo, kazi kufanyika ndani haimaanishi NPU imeguswa. Kwenye Windows, dirisha la Task Manager lina mchoro wa NPU peke yake kwa mashine zilizo nayo, na mara nyingi mchoro huo umelala chali wakati kichakataji kikuu kinahema.

Chanzo cha hali hiyo ni programu. Kila mtengenezaji wa chipu ana njia yake ya kuifikia NPU, na modeli ikiwa na hatua moja ambayo NPU haiijui, hatua hiyo, wakati mwingine modeli nzima, hurudishwa kwa kichakataji kikuu. Android 8.1 ilileta mlango mmoja wa pamoja kwa programu zote. Ilipofika Android 15, Google ikaanza kuuacha.

Kwa msemaji wa Kiswahili lipo pia suala la lugha zenyewe. Galaxy S24 ilipozinduliwa Januari 2024, tafsiri yake ya simu inayopigwa, iliyofanyika ndani ya kifaa, ilikuja na lugha 13. Kiswahili hakikuwamo, na hakuna wingi wa trilioni ambao ungeziba pengo hilo. Kwa upande mwingine, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha 59 ambazo Google Translate iliziwekea tafsiri ya kisasa isiyohitaji intaneti mwaka 2018. Kila lugha ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 35 hadi 45, na Google iliibana hivyo ili ifanye kazi hata kwenye simu za bei nafuu, ambazo neno NPU halikuandikwa popote kwenye boksi zake.