Mwezi Haungoji Ghala

Waswahili tunasema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutajwa sana Ramadhani inapokaribia, pale misikiti yetu inapobandika tangazo la kuwaomba waumini walete chakula kwa ajili ya wasiojiweza. Leo nataka tuzungumze juu ya kibaba chenyewe: kijazwe nini, na kitoke ghalani lini. Nayasema haya kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokosea.

Miaka michache iliyopita, waumini wenzangu wa msikiti mmoja hapa Dar es Salaam walinipa kazi ya kushika daftari la mchango wa chakula. Tangazo letu lilikuwa fupi: leta ulicho nacho. Nao watu wakaleta. Ulikuja mchele, unga wa sembe, maharage, sukari, tende, mafuta ya kupikia, mihogo na magimbi. Vyote tukavirundika katika chumba kimoja nyuma ya msikiti. Nikaandika jina la mtoaji na kiasi alicholeta, nikadhani kazi imekwisha.

Siku ya tatu tulianza kutupa. Muhogo mbichi ukishang'olewa haukai; siku mbili tatu tu, ukiukata unaona mistari myeusi ndani. Ulitakiwa upikwe jioni ile ile ulipoletwa. Mchele nao, wa nyumba mbalimbali, tuliumimina katika gunia moja. Mama mmoja aliyepewa fungu lake alirudi kutuambia kwa upole kwamba akiupika, nusu unakuwa bokoboko na nusu una kiini. Alikuwa na haki. Mchele mpya na mchele wa zamani haunywi maji sawasawa, na ukishachanganywa hakuna mpishi awezaye kuutenganisha.

Lakini hayo yalikuwa makosa madogo. Kosa kubwa ni kwamba katika chumba kile tulichanganya vitu viwili ambavyo sheria ya dini haivichanganyi: sadaka ya futari na zaka ya fitri.

Sadaka haina kipimo wala haina ubaguzi. Unatoa unachoweza, siku yoyote, na anaweza kupewa jirani yeyote mwenye shida, hata asiye Mwislamu. Zaka ya fitri si hivyo. Hiyo ni deni la kila kichwa, na kipimo chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne. Asili ya kibaba hicho ni chakula kinachojaa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Kwa mizani, masheikh wengi hapa kwetu hukadiria pishi ya mchele kuwa kilo 2 na nusu, na wengine huongeza hadi kilo 3 kwa tahadhari.

Tuchukue mfano. Nyumba ina baba, mama, watoto wanne na bibi anayetunzwa na baba huyo. Hao ni watu 7, kwa hiyo baba atatoa kilo 17 na nusu. Ikiwa mama atajifungua siku ya mwisho ya Ramadhani kabla jua halijazama, mtoto yule naye ana fitri yake, na hesabu inafika kilo 20. Akizaliwa baada ya jua kuzama, hahesabiwi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo zaidi katika mwambao wetu, kitakiwacho ni nafaka nzima ya chakula kikuu cha mji. Unga haufai, na sukari haifai. Yule mzee aliyetuletea mfuko wa sembe kwa nia ya fitri alitoa sadaka nzuri, lakini deni lake lilibaki pale pale. Nasi tuliopokea hatukumwambia, kwa kuwa katika daftari langu hapakuwa na safu ya kuuliza: hii ni ya nini?

Sasa nije kwenye usiku ulionifundisha. Tulikuwa tumepanga kugawa fitri siku ya 30 ya mwezi, tuwe na mchana mzima wa kazi. Jioni ya siku ya 29 mwezi ukaandama. Takbira zikaanza, na ghala letu likiwa bado limejaa. Kibaya zaidi, watu kadhaa walikuwa wametukabidhi fedha ili tuwanunulie mchele kwa niaba yao, jambo linaloruhusiwa, lakini fedha zile zilikuwa bado ndani ya bahasha. Tulikimbilia madukani usiku, tukapima hadi alfajiri, na bado hatukumaliza. Sheria inataka fitri imfikie mwenyewe kabla ya sala ya Idi. Kuichelewesha hadi baada ya sala ni karaha, na kuipitisha jua la siku hiyo likazama bila udhuru ni dhambi.

Tulipotoka kusali tulipeleka mafungu yaliyobaki. Nyumba moja nilimkuta mama na wanawe wanne. Alipokea kwa shukrani, kisha akasema, "Baba, asubuhi niliwaambia watoto wanywe chai ya rangi, tungoje. Wenzao wamekwisha kula pilau, wanapita hapa mlangoni." Sikuwa na jibu. Mchele wake ulikuwa umelala siku kumi katika chumba nilichokuwa na ufunguo wake mimi.

Ndugu wasikilizaji, fitri imewekwa ili maskini asiamke siku ya Idi akiwa na mawazo ya chakula. Basi fungu linalofika saa tano, hata likiwa na uzito kamili, limekosa nusu ya kazi yake.

Mwaka uliofuata tulibadilisha tangazo. Tuliandika mafungu mawili. La kwanza: sadaka ya futari, lete chochote, ila mihogo, magimbi na ndizi ziletwe kabla ya alasiri ili zigawiwe siku hiyo hiyo. La pili: zaka ya fitri, lete mchele peke yake, kilo 2 na nusu kwa kila mtu wa nyumbani kwako, katika mfuko wake usiochanganywa. Fedha za kununuliwa mchele tulizipokea hadi siku ya 25, si zaidi. Mlangoni tukaweka mizani moja, kwa maana makopo ya watu yana tumbo tofauti.

Upande wa kutoa, tuliacha mtindo wa kila nyumba fungu moja. Kina mama wa mtaa, ambao ndio wajuao nani anakula na nani anajificha, walitutajia nyumba na idadi ya watu, nasi tukagawa kwa vichwa. Katika madhehebu yetu fitri yaweza kutolewa tangu mwanzo wa Ramadhani, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kungoja. Tulianza siku ya 26, na siku ya 28 jioni chumba kilikuwa kitupu. Waliochelewa tuliwaelekeza wenyewe moja kwa moja kwa majirani wenye kustahili.

Mwezi ukaandama tena siku ya 29. Safari hii nilikwenda kulala.

Kama msikiti wako una daftari la namna hii, lifungue leo utazame mambo mawili: je, fitri ina safu yake? Na je, tarehe ya kumaliza kugawa imeandikwa kabla ya siku ya 29? Ikiwa haimo, iandike. Mwezi haungoji ghala.